Kupiga bei ya bondi na ya hisa kwa hesabu moja: kutoka kuponi hadi dividendi inayokua

Kuna chama kimoja hapa Nakuru kiko na laki nne imelala tu kwa akaunti, na broka wao amewaletea vitu viwili: bondi ya serikali iliyobakisha miaka 3, inauzwa 104.20, na hisa za kampuni moja inayolipa dividendi kila mwaka, inauzwa 22. Kwa grupu la WhatsApp swali likawa ipi iko bei poa, na wengi wakajibu ati hisa, juu 22 ni kidogo kuliko 104. Hiyo si hesabu. 104.20 ni bei ya kila shilingi 100 ya bondi, na 22 ni bei ya kipande kimoja cha kampuni, na hizo mbili hazikutani popote mpaka uulize pesa gani zitaingia, lini, na wewe unadai reti gani ili ungoje. Ukishajibu hayo matatu, bondi na hisa zote zinapita kwa hesabu ile ile.

Kampuni sitaitaja na nambari nimezinyoosha kidogo ndio mtu afuate na kalkuleta ya simu, lakini njia ndio hii hii utatumia kwa bondi au hisa yoyote inayolipa.

Hatua ya 1: andika pesa zitakazoingia na tarehe zake

Anza na bondi juu ndio rahisi. Hii yetu ina kuponi, yaani riba ambayo bondi hulipa, ya asilimia 14 kwa mwaka. Bondi za hazina za Kenya hulipa kuponi mara mbili kwa mwaka, kila baada ya siku 182, kwa hivyo kwa kila 100 unapata 7 baada ya nusu mwaka, 7 nyingine baada ya mwaka, na kadhalika. Miaka 3 ni malipo 6. Ile ya sita inakuja na mtaji wako wa 100, kwa hivyo ya mwisho ni 107.

Orodha yako basi ni 7, 7, 7, 7, 7, 107. Iandike kwa karatasi kabla ushike kitu kingine. Nimeona watu wanaanza na fomula kisha wanasahau ule mtaji wa mwisho, wanapata bei ya 34 na hawashtuki.

Jambo moja la kuangalia hapa: bondi za miundombinu, zile za IFB, mara nyingi hurudisha mtaji kwa vipande kabla ya mwaka wa mwisho. Kama ni hiyo umeletewa, soma prospektasi uone vipande vinarudi lini, na kila kuponi baada ya hapo uihesabu kwa mtaji uliobaki, juu ukifanya kama mtaji wote unarudi mwisho utakosa bei kwa mbali.

Hatua ya 2: chagua reti unayodai

Hapa ndio watu hukwama, wanachukua kuponi wanaifanya reti. Kuponi ni ahadi ya serikali ya siku bondi ilitolewa, haibadiliki hadi ifike mwisho. Reti unayodai ni ya leo, ni ile ambayo ungepata mahali pengine penye hatari sawa na muda sawa. Kwa bondi ya serikali mahali pa kuangalia ni matokeo ya mnada wa Benki Kuu, wanayaweka wazi kwa tovuti yao, unatafuta bondi yenye miaka karibu na yako uone wanunuzi walikubaliwa kwa reti gani. Tuseme kwa miaka kama 3 soko liko asilimia 12.

Na reti hizi hutembea. Februari 2024 serikali ilitoa IFB1/2024/8.5 kwa kuponi ya asilimia 18.4607, watu wakakimbilia, Benki Kuu nayo ilikuwa imepandisha reti yake hadi 13 mwezi huo huo. Kuanzia Agosti 2024 ikaanza kuishusha, na kufika Aprili 2025 ilikuwa 10. Aliyeshika ile ya 18 hakufanya chochote, alikaa tu, na bondi yake ikapanda bei juu wapya walikuwa wanapewa reti ndogo kuliko yake. Hiyo ndio hesabu tunayofanya hapa chini.

Hatua ya 3: rudisha kila malipo kwa bei ya leo

Malipo ni ya nusu mwaka, kwa hivyo reti pia iwe ya nusu mwaka: 12 gawa kwa 2 ni 6. Kila malipo unayagawa kwa 1.06 mara sawa na nusu mwaka utakazoyangoja. Ya kwanza unagawa mara moja, ya pili mara mbili, hadi ya sita.

7 ya kwanza inakuwa 6.60. Ya pili 6.23. Ya tatu 5.88, ya nne 5.54, ya tano 5.23. Ile 107 ya mwisho inashuka hadi 75.43. Jumlisha zote unapata 104.92 kama hukukata desimali mapema.

Ona vile zinapungua. Ni 7 ile ile, lakini ya miaka miwili na nusu leo ni 5.23 tu kwa mtu anayedai 12. Kwa Eksel ama Google Sheets ni mstari mmoja:

```
=PV(0.06, 6, -7, -100)
```

Ikikupa 104.92 umeweka sawa. Ikikupa hasi, umesahau alama za kutoa. Ikikupa 79.44 umeweka reti ya mwaka na kuponi za nusu mwaka pamoja, rudi uangalie kama vipindi, reti na kuponi zote ziko kwa nusu mwaka.

Kuna njia ya kujichunguza bila kompyuta. Reti unayodai ikiwa sawa na kuponi, yaani 14 kwa 14, bei lazima itoke 100 kamili. Ukidai chini ya kuponi bei inapita 100, ukidai juu ya kuponi bei inashuka chini ya 100. Ukidai 16 kwa hii yetu inatoka 95.38. Kama hesabu yako inaenda kinyume na hapo kuna kitu umepindua.

Hatua ya 4: toa kodi kabla ufurahie

Sasa mweka hazina wa chama akaona 104.92 na bondi inauzwa 104.20, akasema "Mwalimu, si hapa tumepata mteremko?" Karibu, lakini bado. Zile 7 hazifiki zote mkononi. Kuponi ya bondi ya muda mfupi kuliko miaka 10 hukatwa kodi ya zuio ya asilimia 15, na ile iliyotolewa kwa miaka 10 kwenda juu hukatwa 10. Hii yetu ilikuwa ya miaka 5 tangu mwanzo, kwa hivyo 7 inakuwa 5.95. Mtaji haukatwi.

Weka 5.95 mahali pa 7, reti ile ile ya 6, na bei inashuka hadi 99.75. Maana yake ni kwamba mtu anayetaka asilimia 12 mkononi, baada ya kodi, asilipe zaidi ya 99.75. Kwa 104.20 chama hakipati 12 mkononi, kinapata ngapi basi? Uliza hivi:

```
=RATE(6, 5.95, -104.20, 100) * 2
```

Inatoka kama asilimia 10.2 kwa mwaka. Na hapo ndio uamuzi uko, 10.2 mkononi kutoka kwa serikali dhidi ya kile wanachopewa kwa fiksi ya sacco yao baada ya kodi. Kama sacco inawapa 9, bondi ni sawa. Kama chama kilisema lazima 12 mkononi, wawachane nayo ama waweke ofa ya 99.75 wangoje muuzaji.

Kosa linalofuata ni kuchanganya: kuponi kabla ya kodi na reti ya baada ya kodi. 12 ya mnada ni kabla ya kodi. Ukidiskaunti 7 kwa 12, yaani ukiirudisha kwa bei ya leo kwa reti hiyo, uko sawa, kabla kwa kabla. Ukidiskaunti 5.95 kwa 12 maana yake unadai 12 safi, ambayo ni mahitaji makali zaidi kuliko soko. Zote mbili zinaruhusiwa, ila ujue unafanya gani.

Kitu kingine broka ataongeza kwa bili ni riba iliyokusanyika. Ukinunua siku 60 baada ya kuponi ya mwisho, mwenye bondi amekaa nayo siku 60 kati ya 182, hizo ni zake: 7 mara 60 gawa kwa 182, kama 2.31. Utalipa bei pamoja na hiyo 2.31, kisha kuponi ikija unachukua yote 7. Hujaibiwa, itakurudia. Ila usipoipangia utajikuta unatafuta pesa za ziada siku ya kulipa. Na kwa laki nne, bondi hizi zinakwenda kwa mafungu ya elfu hamsini, kwa hivyo kwa bei ya 104.20 mafungu 8 yatapita laki nne hata kabla ya hiyo riba. Nunua 7.

Hatua ya 5: sasa hisa, na kwa nini fomula inafupika

Hisa haina siku ya mwisho na haina 100 ya kurudi. Kile unachopata ni dividendi, mwaka huu, mwaka ujao, na kuendelea vile kampuni iko. Wengi huuliza, na bei nitakayouza je? Iko ndani. Yule atakayekununua baada ya miaka 5 atalipa kwa sababu ya dividendi za kutoka mwaka wa 6, kwa hivyo ukihesabu dividendi zote umehesabu na bei ya kuuza. Ukiongeza bei ya kuuza juu ya dividendi zote umehesabu mara mbili.

Kampuni yetu imelipa 2.00 kwa hisa mwaka uliopita, na tuseme dividendi inakua asilimia 5 kila mwaka. Mwaka ujao ni 2.10, unaofuata 2.205, halafu 2.315, na kuendelea. Reti tutakayodai nitaieleza kwa hatua ya 6, kwa sasa chukua 17. Rudisha kwa bei ya leo vile tulifanya bondi: 2.10 gawa kwa 1.17 ni 1.79. 2.205 gawa kwa 1.17 mara mbili ni 1.61. Ya tatu 1.45. Unaona kila moja ni kama asilimia 90 ya iliyotangulia, kwa sababu juu kunakua kwa 1.05 na chini kunagawanywa kwa 1.17. Mfululizo unaopungua kwa kiwango kile kile kila mara una jumla inayoisha, hata kama miaka haiishi, na jumla hiyo ni hii:

```
P0 = D1 / (r - g)
```

P0 ni bei ya leo, D1 ni dividendi ya mwaka ujao, r ni reti unayodai, g ni ukuaji. 2.10 gawa kwa 0.17 toa 0.05, yaani 2.10 gawa kwa 0.12, ni 17.50. Vitabu vya CPA huiita modeli ya Gordon, kwa jina la Myron Gordon.

Hakikisha namna hii: dividendi ya 2.10 kwa bei ya 17.50 ni asilimia 12. Mwaka ujao bei kwa fomula hiyo hiyo ni 2.205 gawa kwa 0.12, ambayo ni 18.375, imepanda asilimia 5. 12 na 5 ni 17, ile uliyodai. Ikikataa kujumlika hivyo, mara nyingi ni kwamba umeweka 2.00 mahali pa 2.10. Hilo ndio kosa namba moja kwa mtihani na hata kwa kazi, linakupa 16.67 na linaonekana sawa kabisa kwa macho.

Kitu ambacho mimi huwaonyesha watu wa chama kabla waamini 17.50: jumlisha dividendi za miaka 10 ya kwanza tu, zilizodiskauntiwa. Inatoka kama 11.57. Karibu shilingi 6 ya ile bei, theluthi moja, inatokana na miaka ya baada ya hapo, ambayo hata wakurugenzi wa kampuni hawaijui. Kwa bondi ya miaka 3 pesa zote ziko kwa karatasi na sahihi ya serikali. Ndio maana reti ya hisa haiwezi kuwa ile ya bondi.

Hatua ya 6: reti ya hisa inaanzia kwa bondi

Mtu hachukui hisa kwa reti ambayo serikali inampa bila kusumbuka. Anza na 12 ya bondi, kisha ongeza malipo ya wasiwasi: dividendi inaweza kukatwa, kampuni inaweza kuanguka, na ukitaka kutoka haraka unaweza kukosa mnunuzi. Mimi huanza na kitu kama 5 juu ya bondi kwa kampuni kubwa inayouzwa kila siku, na zaidi kwa zile ndogo ambazo unaweza kukaa wiki nzima bila kuona mtu anazinunua. Hiyo 5 ni maoni yangu, wewe unaweza kuweka 4 ama 7, ila chagua kabla uone bei ya soko, juu ukichagua baada utachagua ile inayokupa jibu ulilotaka.

12 na 5 ndio 17 yetu. Sasa angalia reti ya bondi ikipanda hadi 15: reti ya hisa inakuwa 20, na bei inakuwa 2.10 gawa kwa 0.15, yaani 14.00. Kampuni haijaharibika popote, dividendi ni ile ile, lakini thamani imetoka 17.50 hadi 14.00, asilimia 20 imeenda. Kwa hivyo ukiona reti za mnada zinapanda wiki baada ya wiki na hisa zinashuka, usitafute mchawi kwanza kwa kampuni.

Hatua ya 7: g ndio mahali pa kukaa muda mrefu

Reti unaweza kuisoma kwa mnada. Ukuaji wa dividendi hauandikwi popote, na ndio unaosukuma bei kuliko kitu kingine. Kwa kampuni yetu g ikitoka 5 hadi 8, dividendi ya mwaka ujao ni 2.16, tofauti ni 0.09, na bei inaruka hadi 24.00. Pointi 3 za ukuaji zimeongeza shilingi 6 na nusu. Mtu akitaka kukuuzia hisa yoyote kwa bei yoyote, atakuchezea hapo.

Njia ya kwanza ya kupata g ni kuangalia kampuni inabakisha nini na inakifanyia nini. Kampuni yetu inapata 4.00 kwa hisa, inalipa 2.00, inabakisha 2.00. Nusu inabaki ndani. Kama pesa ya wenye hisa iliyo ndani inazaa asilimia 10 kwa mwaka, basi ukuaji ni nusu ya 10, yaani 5. Ukitaka niamini 8 nionyeshe wanabakisha zaidi, na hapo dividendi ya leo itakuwa ndogo, ama nionyeshe pesa iliyo ndani inazaa 16. Huwezi kuweka dividendi kubwa na ukuaji mkubwa kwa wakati mmoja bila kueleza pesa ya kukua inatoka wapi.

Njia ya pili ni historia, na hii inahitaji macho. Chukua Safaricom, ambayo nusu ya Nakuru na Kisumu wanayo tangu ile IPO ya 2008 ya shilingi 5. Dividendi ya mwaka wa fedha unaoisha Machi 2020 ilikuwa 1.40, 2021 ikawa 1.37, 2022 ikawa 1.39, kisha 1.20 kwa 2023, 1.20 kwa 2024 na 1.20 kwa 2025. Kutoka 1.40 hadi 1.20 kwa miaka 5 ni kama asilimia 3 chini kila mwaka. Mtu aliyekaa 2021, wakati hisa ilikuwa imepita 40, alikuwa analipa bei ambayo inahitaji dividendi ikue sana. Kisha kampuni ikaingia Ethiopia, huduma ikafunguliwa huko Oktoba 2022, pesa nyingi ikaenda kujenga mtandao, na 2023 bei ikaanguka hadi chini ya 15. Sasa je, g ya mbele ni hasi 3? Hapana, hiyo ilikuwa miaka ya kujenga. Lakini pia huwezi kuchukua miaka ya 2010 uiweke milele. Historia inakuambia maswali ya kuuliza, g unaiandika mwenyewe ukiwa na sababu.

Dari iko hapa: g ya milele isipite ukuaji wa uchumi wote kwa shilingi za kawaida. Benki Kuu inalenga mfumuko wa bei kati ya 2.5 na 7.5, uchumi wenyewe unakua kama 5, kwa hivyo jumla ni kitu cha karibu 10. Kampuni inayokua 12 milele mwishowe itakuwa kubwa kuliko Kenya. Mimi sipiti 7 kwa kampuni yoyote.

Hatua ya 8: kampuni inayokua haraka kwanza, kisha inatulia

Kuna siku utapata kampuni ambayo kweli dividendi inakua 15 kwa sasa. Usiweke 15 kwa fomula. Kwa r ya 17 inakupa 2.30 gawa kwa 0.02, yaani 115. Weka 16 inakuwa 232. Weka 18 inakuwa hasi. Hiyo fomula haijakosea, imekuambia kwamba ukuaji ukikaribia reti haiko mahali pake tena.

Fanya kwa vipande viwili. Tuseme 15 kwa miaka 3, kisha 5. Dividendi: 2.30, halafu 2.645, halafu 3.04. Mwaka wa 4 inaanza kukua 5, kwa hivyo ni 3.19. Bei ya mwisho wa mwaka wa 3 ni 3.19 gawa kwa 0.12, kama 26.6. Sasa rudisha leo kwa 17: 1.97, 1.93, 1.90, na ile 26.6 inakuwa 16.62. Jumla 22.4.

Hapo kuna mtego ambao hata wahasibu huingia: ile 26.6 imetokana na dividendi ya mwaka wa 4, lakini yenyewe ni bei ya mwisho wa mwaka wa 3, kwa hivyo unaidiskaunti miaka 3. Ukiidiskaunti 4 unapoteza zaidi ya shilingi 2 kwa hisa.

Hatua ya 9: geuza hesabu, uulize soko linaamini nini

Badala ya kupigania bei yako dhidi ya 22 ya soko, geuza. Kwa 22 na r ya 17, ukuaji gani unaifanya 22 iwe sawa?

```
g = (r*P - D0) / (P + D0)
```

P ni bei ya soko, D0 ni dividendi ya mwaka uliopita. 0.17 mara 22 ni 3.74, toa 2.00 ni 1.74, gawa kwa 24, ni asilimia 7.25. Kwa hivyo anayenunua kwa 22 anasema dividendi itakua 7.25 kila mwaka bila kukoma, kwa kampuni inayobakisha nusu na kuzaa 10. Ama anasema itakua 15 kwa miaka 3 kisha 5, juu hiyo pia ilitupa karibu 22. Ama hadai 17, ameridhika na kidogo: 2.10 gawa kwa 22 ni 9.5, ongeza 5, anapata 14.5, ambayo ni pointi 2 na nusu tu juu ya bondi ya serikali. Swali kwa chama linakuwa fupi: kuna mtu hapa ana sababu ya kuamini mojawapo ya hizo tatu? Hakuna aliyekuwa nayo, wakaweka ofa ya 17 kwa broka yenye siku ya kuisha, na mafungu 7 ya bondi yakaenda kwa 104.20 juu walishasema 10 mkononi inawatosha.

Kodi ya dividendi kwa mkaazi ni asilimia 5, ndogo kuliko ya kuponi, kwa hivyo ukitaka kulinganisha mkononi kwa mkononi fanya D1 iwe 1.995 na bei inakuwa 16.63 kwa yule anayedai 17 safi. Ongeza pia kamisheni ya broka wakati wa kununua na wakati wa kuuza, hasa kama unanunua kidogo kidogo.

Na kuna hisa ambazo hii yote haifanyi kazi kabisa: kampuni isiyolipa dividendi, inayolipa mwaka mmoja na kuruka mitatu, ama inayolipa kwa kukopa. Hiyo ya mwisho utaijua ukiangalia taarifa ya mtiririko wa pesa, kama pesa kutoka kwa biashara baada ya kununua mitambo ni chini ya dividendi mwaka baada ya mwaka, na mikopo inapanda, basi 2.00 unayoona si ya kudiskaunti. Kwa kampuni kama hizo anza na pesa inayobaki kwa biashara yenyewe, dividendi iweke kando.